Bango linapiga kelele, halisemi: maswali yenu na majibu yangu

Rangi gani inavutia macho zaidi kwenye bango? (Wengi, kila mara)

Ile ambayo mabango ya jirani hayana. Nenda kautazame ukuta utakaobandika kabla hujafungua kompyuta, na swali hili tafadhali tulizike leo.

Nimetengeneza bango la sumukuvu la saizi A2. Maneno yote muhimu nimeyakoleza na kuyapaka nyekundu, lakini wakulima wanapita tu kama hawalioni. Tatizo ni nini? (Afisa ugani, Kongwa)

Afisa, picha uliyonitumia nimeikuza kwenye simu nikasoma kila neno, kazi ambayo mkulima anayeshusha magunia Kibaigwa hataifanya. Juu kabisa umepanga nembo 6. Chini yake kuna kichwa: "ELIMU KUHUSU SUMUKUVU KATIKA MAHINDI NA KARANGA". Kisha muhindi mweusi uliooza, fuvu la mtu pembeni, halafu mistari 12 ya maelezo, na 9 kati yake ni myekundu na imekolezwa.

Tuanze na nyekundu, maana ndiyo uliyoiamini sana. Nyekundu inaita jicho kwa sababu vilivyoizunguka si vyekundu. Ukipaka mistari 9 kati ya 12, jicho linaishia kwenye ile mitatu myeusi, kwa kuwa sasa hiyo ndiyo iliyo tofauti. Nimeisoma: mmoja unataja jina la mradi, wa pili ni shukrani kwa wafadhili, wa tatu ni namba ya sanduku la posta. Hivyo ndivyo ulivyovikazia bila kujua. Bango lako limekuwa kama Soko la Majengo saa kumi jioni, kila muuzaji na spika yake, na mteja anaondoka hajasikia bei hata moja.

Kichwa nacho ni jina la semina. "Elimu kuhusu" ni maneno ya barua ya mwaliko. Mtu anayepita anajiuliza, hata kama hasemi, "nifanye nini?", na bango lako linamjibu kwamba kuna somo. Kwenye mistari yako 12 jibu lipo, mstari wa nane: anika mahindi juu ya turubai, si juu ya ardhi. Hicho ndicho kichwa cha bango, na wewe umekifanya mjukuu.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni picha, na hapo bango lako linadanganya ingawa hukukusudia. Ukiweka muhindi mweusi uliooza na fuvu kando yake, unamwambia mama wa Mpwapwa kwamba sumu inafanana hivi. Atachambua, atatupa zile nyeusi, na zile nyeupe safi atazipeleka mashineni akiwa na amani moyoni. Wakati wewe mwenyewe unajua kuwa sumukuvu haionekani kwa macho, haina ladha, na haiondoki kwa kupikwa ugali. Kuchambua kunapunguza, hakumalizi. Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na Manyara kwa ajili ya jambo hili, na hatuna sababu ya kuamini kwamba walikuwa wakila mahindi meusi ti. Mstari wako wa saba unasema "sumu haionekani", na picha iliyo juu yake inasema inaonekana. Maneno na picha vikigombana, picha inashinda, kwa sababu inasomwa kwanza na inasomwa na wote, hata asiyejua kusoma.

Sasa tulijenge upya. A2 ni milimita 420 kwa 594, tuisimamishe. Theluthi mbili za juu wape picha moja: mtu anatandaza mahindi juu ya turubai la bluu. Nasema la bluu kwa makusudi. Wakati wa kuvuna huku kwetu kila kitu ni kahawia, udongo, mabua, kuta za tofali, na magunia ni meupe yaliyochoka. Bluu ndiyo rangi ambayo ukuta wa ghala hauna, tena inamwelekeza mtu kwenye kifaa chenyewe unachotaka akinunue. Kwa hiyo rangi ya mvuto na ujumbe vimekaa mahali pamoja, hukuhitaji kuongeza mapambo.

Juu ya picha, au ndani yake penye nafasi tulivu, andika: KAUSHA MAHINDI JUU YA TURUBAI. Ukitaka isomwe kutoka mita 5, ng'ambo ya lango la ghala, herufi kubwa ziwe na kimo cha sentimita 4 na kidogo. Kwa fonti nene ya kawaida zitaingia herufi kama 10 kwa mstari, na hivyo maneno yako matano yanakaa mistari mitatu. Huoni nafasi ya "elimu kuhusu" hapo, na ndivyo inavyotakiwa.

Theluthi ya chini ni daraja la pili. Weka vitu viwili tu. Cha kwanza, picha ndogo ya mahindi yaliyomwagwa kwenye udongo, imekatwa kwa mstari mmoja mwekundu. Huo ndio wekundu pekee kwenye bango zima, na sasa utauona unavyofanya kazi. Cha pili, kipimo cha chupa. Wataalamu mnapenda kuandika "unyevu usizidi asilimia 13.5", na ni kweli, lakini mkulima hana mashine ya kupimia unyevu. Chupa ya kioo iliyokauka na chumvi kavu anavyo. Anaweka punje na chumvi, anatikisa, anatulia; chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, hayafai kuhifadhiwa. Kichore hicho kipimo kwa picha mbili, chupa iliyoganda chumvi na chupa safi, kisha andika "bado" chini ya moja na "tayari" chini ya nyingine.

Maneno ya daraja hili yawe nusu ya kimo cha kichwa au chini ya hapo. Narudia kila mara na bado mnaniletea kichwa cha pointi 48 na maelezo ya pointi 44. Tofauti ya namna hiyo haionekani kama daraja, inaonekana kama mkono uliteleza.

Daraja la tatu ni la mtu aliyekwisha kusimama mbele ya bango: namba ya simu yako na nembo zote 6, ndogo, mstari mmoja chini kabisa. Yaliyobaki katika mistari yako 12 ni mazuri, yaweke kwenye kipeperushi cha mkononi.

Kabla hujaprinti nakala 300, toa moja. Iweke mlangoni, simama mita 5, finya macho mpaka yaone ukungu. Kinachobaki kinaonekana ndicho unachosema. Kisha waite watu watatu wasiokujua, usiwaulize kama wamelipenda maana watakujibu kwa adabu. Waulize, "hili linakuambia ufanye nini?" Wawili wakijibu "lisha kuku", rudi mezani. Na angalia hasa ule mstari mwekundu wa kukata: aliyekaa darasani anauelewa mara moja, asiyekaa anaweza kudhani ni fimbo au kamba iliyoanguka kwenye picha.

Mkurugenzi anataka picha ya mgeni rasmi ichukue nusu ya bango na nembo za wafadhili wote zikae juu. Nifanyeje bila kupoteza kazi? (Mtumba)

Muulize bango linakaa wapi. Wengi hawaulizi, wanaanza kunung'unika kwangu.

Kama ni lile la nyuma ya meza kuu, mpe mgeni rasmi wake. Bango hilo halimwaliki mtu, aliyeliona tayari yuko ukumbini. Kazi yake ni kupigwa picha, na picha ya gazetini itabeba kaulimbiu na nyuso. Angalizo moja tu: theluthi ya chini itazibwa na vichwa vya waliokaa, maua na chupa za maji, kwa hiyo kaulimbiu ipande juu, na usiweke neno lolote chini ya mabega ya watu. Nimeona tarehe ya kongamano ikichomoza katikati ya masikio ya waheshimiwa wawili.

Kama ni la barabarani, uso wa mgeni rasmi haumwambii mwananchi aende wapi. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ilibandika tangazo la kliniki ya bure ya macho. Nusu ya bango ilikuwa tabasamu, robo nembo, na siku na mahali vikawekwa chini kwa herufi za kusomwa kwa miwani. Walengwa walikuwa wazee wasioona vizuri. Mpaka leo nashangaa nani aliliidhinisha.

Kumshawishi bosi kwa maneno hakufai, atasikia kiburi. Printi mawili kwenye A4, lake na lako, yabandike mwisho wa korido, mwambie asimame mlangoni asome siku na mahali. Akishindwa kwenye lake, mwache aseme mwenyewe. Ukifika kwenye nembo, usizilinganishe kwa kimo: nembo ya duara na nembo ndefu ya maneno zikiwa na kimo sawa, ile ndefu inaonekana imemeza mwenzake, na mfadhili wa duara atapiga simu. Zilinganishe kwa uzito machoni, na uziweke zote kwenye ukanda mweupe ili zisigombane na rangi yako.

Fonti niweke saizi ngapi? (Chang'ombe, na wengine wasiotaja mahali)

Ya kusomwa kutoka wapi? Bila jibu la hilo, swali lako ni sawa na kuniuliza nauli bila kutaja unakokwenda.

Mafundi wa mabango wana kipimo cha kuanzia: sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kwa fonti nyingi herufi kubwa ni kama asilimia 70 ya saizi unayoandika kwenye kompyuta, hivyo pointi 100 zinakupa takriban hizo sentimita 2.5. Mita 3, pointi 100. Mita 6, pointi 200. Endelea mwenyewe.

Ukiendelea utagundua kwa nini naudhika. Bango la A2 likisomwa kutoka mita 12, ng'ambo ya barabara pana, linahitaji herufi za sentimita 10, na upana wake unabeba kama herufi 4. Neno "CHANJO" halienei kwa mstari mmoja. Basi ama ununue karatasi kubwa zaidi, ama umsogeze msomaji, ama upunguze maneno. Wengi mnachagua njia ya nne, kubana herufi ziwe nyembamba kama nyuzi, na hiyo si njia. Kipimo hiki nacho ni cha mchana na jua, kwa mtu aliyesimama; dereva wa bodaboda na ukuta wa kivulini vinataka zaidi.

Kujaribu ni bure. A4 ni nusu ya A2 kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo printi A4 na usimame nusu ya umbali. Kisichosomeka hapo hakitasomeka kule.

Bango langu la usafi nimelipaka kijani na njano kwa sababu ni rangi za mazingira, mtendaji wa kata akalikataa. Kosa langu liko wapi? (Kikuyu)

Rangi husomwa kabla ya herufi, ndugu yangu, na kwa Tanzania kijani na njano pamoja vimeshasema CCM kabla jicho halijafika kwenye neno "taka". Anayekipenda chama atadhani ni mkutano, asiyekipenda atageuza uso, na mtendaji ataulizwa maswali. Ukikimbilia bluu, nyekundu na nyeupe utaangukia CHADEMA, na zambarau ni ya ACT. Kijani peke yake na nyeupe kingepita. Ni huo mchanganyiko wa mbili unaogeuka bendera.

Ila mtendaji hakuona tatizo la pili. Umeandika "USITUPE TAKA HAPA" kwa nyekundu juu ya kijani. Rangi zile zinatofautiana sana kwa jina, lakini kwa mwanga zinakaribia kulingana. Kuna hesabu ya utofauti wa mwanga inayotumika kwenye kurasa za mtandao: maandishi makubwa yanatakiwa kufikia angalau 3 kwa 1, madogo 4.5 kwa 1. Nyekundu kali juu ya kijani cha kawaida inatoa kama 1.3. Nyeusi juu ya njano inapita 19. Nyeupe juu ya kijani hichohicho inafika 5. Tena kuna watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani kabisa. Kwao katazo lako limezama kwenye ukuta wake.

Huhitaji kikokotoo. Piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Maandishi yakipotea hapo, rangi haikuwa inakusaidia, ilikuwa inakuficha.

Tuna kazi ya infografiki ya ongezeko la watu Dodoma kati ya sensa ya 2012 na ya 2022. Mwenzangu ametumia nguzo za Excel, mimi nimechora watu wawili, mdogo na mkubwa. Ipi inashawishi zaidi? (Mwanafunzi, UDOM)

Zote zinashawishi, na zote zinadanganya. Umeniuliza kuhusu kushawishi tu, kijana wangu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko michoro.

Namba zenyewe kwanza: Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, na 3,085,625 mwaka 2022. Ongezeko ni kama asilimia 48. Yaani wa pili ni mara moja na nusu ya wa kwanza, pungufu kidogo. Picha yoyote mtakayochora lazima imwache msomaji na hisia hiyo: moja na nusu.

Nguzo za mwenzako zinaanzia milioni 2 badala ya sifuri. Excel wakati mwingine huchagua pa kuanzia yenyewe, na yeye hakurekebisha, au alipenda alichokiona. Nguzo ya 2012 inabaki na kisigino cha watu elfu 83, ya 2022 inapanda kwa milioni 1 na elfu 85. Ukipima kwa rula, ya pili ni mara 13 ya ya kwanza. Atajitetea kwamba namba ameziandika kando ya mhimili, na ni kweli. Lakini nguzo inasomwa kwa urefu, mtu halinganishi namba za pembeni kwanza. Kwa nguzo, sifuri si hiari. Mstari wa grafu ndio unaweza kuanzia juu, kwa kuwa pale jicho linasoma mwinuko na mahali, na bado unatakiwa useme wazi ulipoanzia.

Wewe nawe umempa mtu wa 2012 kimo cha sentimita 10, wa 2022 sentimita 14.8. Kimo ni sahihi kabisa. Ila ulipomvuta kwa kona kwenye Canva alipanuka na upana pia, na sasa eneo la wino ni 1.48 mara 1.48, yaani karibu 2.2. Msomaji anaona jitu lililozidi mara mbili. Ukimpa kivuli na unene, kama wanavyopenda siku hizi kuchora mapipa na magunia, jicho litahisi ujazo, na hapo unafika zaidi ya mara 3. Hujasema uongo hata mmoja kwa maneno, na msomaji ameondoka na uongo.

Dawa ni ya zamani. Otto Neurath na wenzake kule Vienna, miaka ya 1920, walikataa kabisa kukuza alama. Kitu kikiwa kingi, alisema, rudia alama ileile, usiikuze. Mfumo wao baadaye ukaitwa Isotype, na mkewe Marie aliuleta Afrika Magharibi miaka ya 1950, kwenye machapisho ya umma ya Nigeria ya Magharibi. Basi chora mtu mmoja mdogo, mwambie msomaji kuwa ni watu 250,000. Mwaka 2012 unapata watu 8 na theluthi, mwaka 2022 unapata 12 na theluthi. Wapange mistari miwili inayoanzia mahali pamoja kushoto, na theluthi uikate wima. Mtu atalinganisha urefu wa safu, na pia anaweza kuhesabu kwa kidole: wanane, kumi na wawili. Moja na nusu hiyo hapo.

Chagua kipimo kwa akili. Ungesema mtu mmoja ni 1,000,000, ungebaki na wawili na watatu na vipande, na kipande kingebeba hoja yote. Ungesema ni 10,000, ungepata watu 208 na 309, kundi la siafu ambalo hakuna atakayelihesabu. Safu ya kati ya 5 na 15 hunitosha mara nyingi.

Mkazo weka kwenye wale wanne walioongezeka. Wanane wa chini, na wanane wa kwanza wa juu, wape kijivu. Wanne waliozidi wape rangi moja iliyokolea, na juu yao andika "watu milioni 1 zaidi". Kichwa kisiwe "Idadi ya watu Dodoma 2012 na 2022", hilo ni jina la jedwali. Andika "Kwa miaka kumi Dodoma imeongeza watu milioni moja". Na hakikisha umeandika MKOA, maana nusu ya infografiki ninazoletewa zinaweka namba ya mkoa juu ya picha ya Nyerere Square na kumfanya msomaji adhani ni Jiji.

Onyo ambalo hukuuliza: takwimu hizi hazisemi watu wameongezeka kwa nini. Nimeona rasimu yako ina picha ya jengo la Serikali la Mtumba nyuma ya wale watu wawili. Umeshajibu kwa picha swali ambalo namba hazijalijibu. Singida imetoka 1,370,637 ikafika 2,008,058 katika miaka hiyohiyo, asilimia 46 hivi, na makao makuu hayakuhamia Singida. Toa hilo jengo.

Niandike herufi kubwa zote ili isomeke vizuri? (Mwalimu, Kondoa)

Kwa maneno machache, ndiyo, mwalimu. Kwa aya, hapana. Tazama kanga: jina liko chini ya mji, mstari mmoja, herufi kubwa, na nafasi imeachwa pande zote kabla ya kufika kwenye pindo. Linasomeka mama akiwa anatembea. Jaribu kuandika barua nzima pale uone.

Kiswahili kinatuongezea mzigo. Neno kama "YATAKAYOFANYIKA" ni ukuta wa herufi zenye kimo kimoja, na ukilikatisha katikati ya mstari unamtesa msomaji. Ukiona kichwa chako kina neno la namna hiyo, badili sentensi kabla hujabadili fonti.

Na hizi fonti za mapambo mnazopakua, zijaribuni kwanza kwa Chang'ombe na ng'ombe. Nyingi hazina ile alama ya juu, zinaweka kisanduku kitupu, au zinaigeuza iangalie upande usio wake. Mtu wa Dodoma anayebandika bango lenye "Chang ombe" amejitangaza mwenyewe.

Kwenye skrini kijani kilikuwa kinawaka, kwenye karatasi kimetoka kama majani ya Oktoba. Stationeri wamenidhulumu? (Area C)

Hawajakudhulumu. Skrini inatoa mwanga wake kwa nyekundu, kijani na bluu. Karatasi inasubiri mwanga wa nje urudi kupitia wino wa samawati, magenta, njano na nyeusi. Kijani kile cha kung'aa, na bluu ya umeme, havimo kwenye wino huo. Tengeneza faili kwa CMYK, yaani hizo rangi nne za wino, tangu mwanzo, au angalau badili na uangalie kabla ya kulipia, na omba kipande cha majaribio kwenye karatasi ileile. Ukikuta bluu yako imekuwa zambarau, punguza magenta. Usimpigie kelele kijana wa mashine.

Naomba templeti ya bango la harusi, bure. (Jina ninalo)

Hapana.

Msimbo wa QR uwe na ukubwa gani kwenye bango? (Nzuguni, kwa maandalizi ya Nane Nane)

Gawa umbali kwa 10. Mtu akisimama mita 1, msimbo uwe sentimita 10 kila upande. Mita 2, sentimita 20. Uwe mweusi juu ya nyeupe, uache ukingo mweupe pande zote upana wa vile viraba vinne vidogo, na usiweke nembo yako katikati ukiwa hujaujaribu kwa simu ya bei nafuu, jua la saa saba likiwa linapiga. Bango la plastiki linang'aa, na msimbo uliong'aa hausomeki.

Uweke kimo cha kifua. Mwaka hadi mwaka nauona umepachikwa juu ya lango, na sijui nani anategemewa kupanda. Na chini yake andika namba ya simu kwa herufi za kawaida, kwa sababu aliyekuja na simu ya vitufe naye analima.